Mti wa binari na grafu kwenye pasti pepa: mwongozo wa kujibu kwa penseli

Msimu wa mitihani ukikaribia, maswali ninayoulizwa huwa ni yale yale. Namba mpya inaingia wapi kwenye mti? Inorda inaanza na nodi ipi? Mbona jibu langu la DFS halifanani na la mwenzangu na sote tumepewa tiki? Nimeyapanga hapa kwa utaratibu ambao ungeufuata ukiwa na karatasi ya mtihani mbele yako.

Tutashughulika na maswali ya kuchora na kufuatilia kwa mkono tu: kuingiza namba kwenye mti wa binari wa kutafutia, kuupitia mti kwa mipangilio mitatu, kuujenga upya kutokana na orodha mbili, na mwisho kuipitia grafu kwa upana, yaani BFS, na kwa kina, yaani DFS. Kufuta nodi na kusawazisha mti wa AVL sivigusi. Hivyo viwili ukivichanganya na haya ya hapa kabla hayajakaa sawa, utakosa vyote.

## Kabla hujaanza

Chukua karatasi tupu isiyo na mistari, penseli na kifutio. Kalamu weka pembeni, kwa sababu mti unakua kwenda usikokutarajia na utahitaji kufuta. Tafuta pia pasti pepa mbili tatu za chuo chako au bodi yako yenyewe. Za kwingine zinafaa kwa mazoezi, ila desturi ndogo ndogo hutofautiana, na maksi hupotea kwenye hizo desturi.

Kwa upande wa nadharia, yanatosha haya. Kwenye mti wa binari kila nodi ina watoto wasiozidi wawili, na mtoto wa kushoto si sawa na wa kulia hata akiwa ni mtoto pekee. Kwenye mti wa kutafutia, kila kitu kilicho upande wa kushoto wa nodi ni kidogo kuliko nodi hiyo, na kila kitu cha kulia ni kikubwa. Nasema kila kitu, yaani ukoo mzima ulioko chini ya upande huo, siyo mtoto wa karibu peke yake.

## Kuingiza namba

Tuchukue swali la kawaida kabisa: ingiza 42, 17, 68, 25, 9, 55, 80, 21, 60, 30 kwa mpangilio huo kwenye mti mtupu.

1. Namba ya kwanza ndiyo mzizi. Iandike juu katikati ya karatasi, na uache nafasi pana pande zote mbili. Usiipange orodha kwanza, wala usitafute namba ya katikati ili mti upendeze. Mpangilio uliopewa ndio swali lenyewe. Ukiubadilisha umejibu swali jingine.

2. Kila namba inayofuata ianzie mzizini. Hapa wengi huteleza. Wanaangalia nodi ya mwisho waliyoiweka na kuanza kulinganisha kutoka hapo. Hapana, kila mgeni anaingilia mlango wa mbele: anasimama kwenye mzizi, akiwa mdogo anashuka kushoto, akiwa mkubwa anashuka kulia, hadi akute nafasi tupu.

3. Andika njia pembeni. Kwa 21, andika hivi: 42 kushoto, 17 kulia, 25 kushoto, tupu. Kwa 60: 42 kulia, 68 kushoto, 55 kulia, tupu. Mstari huo mmoja unakulinda mara mbili. Ukikosea, unaona ulikosea wapi. Na swali likisema uonyeshe hatua, hizo ndizo hatua.

4. Chora tawi kwa mshazari unaoonekana. Nodi 60 ni mtoto wa kulia wa 55, na 55 haina mtoto wa kushoto. Ukichora mstari ulionyooka wima kutoka 55 kwenda 60, msahihishaji hawezi kujua ulimaanisha upande gani, na ana haki ya kukunyima maksi.

Ukimaliza unapata mti huu:

```
            42
          /    \
        17      68
       /  \    /  \
      9   25  55   80
         /  \   \
        21  30   60
```

Nodi mpya huingia kila mara kama jani. Ukijikuta unataka kuipenyeza 25 katikati ya 17 na nodi nyingine iliyokwishakuwepo, simama, umepotea njia. Kuingiza kwa kawaida hakusogezi nodi yoyote iliyokwishaketi.

Namba ikijirudia, soma swali. Baadhi ya karatasi husema iachwe, nyingine husema iende kulia. Swali likiwa kimya, andika sentensi moja ya dhana yako na uishike mpaka mwisho.

Kuna karatasi ambazo hazitaki mchoro bali jedwali. Za Cambridge za A Level, somo namba 9608 na lililolirithi, 9618, hupenda sana namna hii: kila safu ina thamani, kielekezi cha kushoto na kielekezi cha kulia, na nodi zinakaa kwa mpangilio zilivyoingia. Mti wetu ungeanza hivi, tukitumia -1 kumaanisha hakuna mtoto:

```
Namba   Kushoto   Thamani   Kulia
  0        1         42        2
  1        4         17        3
  2        5         68        6
  3        7         25        9
  4       -1          9       -1
  5       -1         55        8
```

Kielekezi hubeba namba ya safu, hakibebi thamani. Kwenye safu ya 0 upande wa kushoto ni 1, kwa sababu 17 imekaa safu ya 1. Ukiandika 17 pale, jedwali lote linakuwa halisomeki. Jaza safu nne zilizobaki mwenyewe. Ukipata -1 kwenye kila kielekezi cha safu hizo, uko sawa, maana 80, 21, 60 na 30 zote ni majani. Angalia pia swali linatumia alama gani kwa nafasi tupu, kwa kuwa si karatasi zote zinazotumia -1.

## Kuupitia mti

Majina matatu ya kwenye karatasi ni priorda, inorda na postorda. Yote yanapita kushoto kabla ya kulia. Kinachobadilika ni wakati wa kuiandika nodi yenyewe:

```
preorder(n):   andika n;  preorder(L);   preorder(R)
inorder(n):    inorder(L);   andika n;   inorder(R)
postorder(n):  postorder(L); postorder(R);  andika n
```

Ukiufuata msimbo huo kichwani, kwenye mti wa nodi kumi utajichanganya. Kwa mkono mimi napendelea penseli ya kuzunguka, na sijaona njia nyingine inayoikaribia kwa usalama.

5. Weka vijiti vya watoto wasiokuwepo. Kila nodi iliyokosa mtoto wa kushoto au wa kulia, ichoree kijiti kifupi upande huo. Nodi 55 inapata kijiti cha kushoto. Majani yote yanapata vijiti viwili.

6. Zungusha penseli. Anza juu ya mzizi, upande wake wa kushoto. Teremka ukiukumbatia mti kwa nje, kinyume cha mwendo wa saa, ukizunguka kila tawi na kila kijiti bila kuinua penseli, mpaka urudi juu upande wa kulia wa mzizi. Kila nodi utaipita mara tatu: ubavuni kushoto ukiwa unashuka, chini yake ukitoka upande mmoja kwenda mwingine, na ubavuni kulia ukiwa unapanda.

7. Chagua mahali pa kuandikia. Kwa priorda, andika nodi unapoipita kushoto. Kwa inorda, unapoipita chini. Kwa postorda, unapoipita kulia.

Kwa mti wetu majibu ni haya:

```
Priorda:   42 17 9 25 21 30 68 55 60 80
Inorda:    9 17 21 25 30 42 55 60 68 80
Postorda:  9 21 30 25 17 60 55 80 68 42
```

Tuitazame kwa karibu ile 55, maana ndiyo mtego wa mti huu. Penseli inashuka ubavuni mwake kushoto, inazunguka kijiti kitupu, kisha inapita chini yake kabla haijaenda kwenye 60. Kwa hiyo kwenye inorda 55 inatangulia na 60 inafuata. Mwanafunzi aliyekariri kwamba "unashuka mpaka jani la chini kisha unaanza kuandika" huandika 60 55, kwa kuwa 60 ndiyo jani. Sheria sahihi ni kushuka kushoto mpaka kushoto kuishe. Kushoto kwa 55 kumeisha papo hapo, hivyo inaandikwa. Kwenye postorda mambo yanageuka: 60 inatangulia, kwa sababu 55 lazima imalize pande zote mbili kwanza.

8. Hakiki kabla hujaendelea. Hesabu nodi: zilikuwa kumi, kila orodha iwe na kumi. Priorda lazima ianze na mzizi na postorda lazima iishe na mzizi. Na kama mti ni wa kutafutia, inorda itoke imepangwa kutoka ndogo hadi kubwa. Isipotoka hivyo, kosa liko kwenye mti wenyewe au kwenye kuupitia, na hujapoteza kitu kwa sababu umelikamata mapema. Angalizo: kipimo hiki hakifanyi kazi kwenye mti wa binari wa kawaida, kwa mfano wenye herufi zilizowekwa kiholela au mti wa hesabu wenye + na *.

Swali likitaka mpito wa ngazi kwa ngazi, soma mti kama unavyosoma ukurasa, mstari kwa mstari kutoka kushoto: 42, 17, 68, 9, 25, 55, 80, 21, 30, 60.

## Kuujenga mti kutokana na orodha mbili

Swali hili lina maksi nyingi na linaogopwa bila sababu. Umepewa:

```
Priorda:  G C A H P N T
Inorda:   C H A G N P T
```

9. Chukua herufi ya kwanza ya priorda. Ni G, ndiyo mzizi.

10. Itafute kwenye inorda na uigawe. Kushoto kwa G kuna C H A, kulia kuna N P T. Hizo ndizo koo mbili.

11. Hesabu, kisha kata priorda. Kushoto ni nodi tatu, kwa hiyo baada ya G kata herufi tatu: C A H ni priorda ya upande wa kushoto. Zinazobaki, P N T, ni ya kulia. Hatua hii ndiyo inayorukwa. Watu hugawa inorda vizuri, halafu kwenye priorda wanakadiria kwa macho na kuchukua herufi mbili au nne.

12. Rudia kwa kila upande kama swali jipya. Kushoto tuna priorda C A H na inorda C H A. Mzizi wake ni C. Kwenye inorda hakuna kitu kabla ya C, kwa hiyo C haina mtoto wa kushoto, na H A wote wako kulia kwake. Katika hao wawili, priorda inasema A H, basi A ndiye mzizi wao. Kwenye inorda H iko kabla ya A, basi H ni mtoto wa kushoto wa A. Upande wa kulia ni mwepesi: P juu, N kushoto, T kulia.

```
        G
      /   \
     C     P
      \   / \
       A N   T
      /
     H
```

13. Pitia mti uliouchora na uandike orodha zote mbili upya. Zikilingana na za kwenye swali, umemaliza. Mara nyingi kipengele kinachofuata kinataka postorda, ambayo hapa ni H A C N T P G.

Ukipewa postorda na inorda, kazi ni ile ile ila mzizi unauchukua mwishoni mwa postorda. Ukipewa priorda na postorda bila inorda, mara nyingi jibu haliwi moja. Chukua priorda A B na postorda B A: B inaweza kuwa kushoto au kulia, na orodha hazitabadilika. Na kuna mtego wa kirafiki: swali linasema mti ni wa kutafutia na linakupa priorda tu. Wanafunzi huandika kwamba taarifa hazitoshi. Zinatosha, kwa sababu inorda unaipata mwenyewe kwa kuzipanga namba kutoka ndogo hadi kubwa.

## Grafu: BFS na DFS

Grafu yetu haina mishale. Viungo vyake ni A-C, A-E, C-D, C-F, E-F, D-B na F-B. Tunaanzia A, na majirani wanachukuliwa kwa mpangilio wa alfabeti.

14. Andika orodha ya majirani kabla ya kugusa kitu kingine. Usiifanye kazi hii kwa kuutazama mchoro, maana jicho huvutwa na nodi iliyo karibu kwenye karatasi badala ya iliyo ya kwanza kialfabeti.

```
A: C E
B: D F
C: A D F
D: B C
E: A F
F: B C E
```

Jumlisha herufi za upande wa kulia: ni 14, mara mbili ya viungo saba. Isipokuwa mara mbili, kuna kiungo umekiandika upande mmoja tu.

15. Kwa BFS, chora jedwali la foleni. Anayetoka mbele ya foleni anaandikwa kwenye jibu, na majirani zake ambao hawajatiwa alama wanaingia nyuma.

```
Aliyetoka   Foleni baada yake
   -        A
   A        C E
   C        E D F
   E        D F
   D        F B
   F        B
   B        (tupu)
```

Jibu ni A C E D F B. Nodi itie alama inapoingia kwenye foleni, usingoje itoke. E ilipotoka, jirani yake F alikuwa tayari amesimama kwenye foleni. Ukingoja kutia alama wakati wa kutoka, F ataingia mara mbili, na jedwali lako halitafanana na la mwongozo wa usahihishaji.

16. Kwa DFS, nenda mbali kadiri unavyoweza, kisha rudi nyuma hatua moja moja. Kutoka A tunaenda C. Majirani wa C ni A, D na F. A amekwishapitiwa, tunaenda D. Kutoka D tunaenda B, kutoka B tunaenda F. Majirani wa F ni B, C na E; aliyebaki ni E. Kutoka E hakuna pa kwenda, tunarudi hadi A na kumaliza. Jibu ni A C D B F E. E ni jirani wa A kabisa, lakini ametoka wa mwisho, na hilo ni sawa. Anayeandika E mapema kwa kuwa "iko karibu" amechanganya BFS ndani ya DFS.

## Jibu likikataa

*Jibu langu la DFS linatofautiana na la mwenzangu.* Kwanza angalieni kama swali limetaja mpangilio wa majirani. Lisipotaja, majibu kadhaa yanaweza kuwa sahihi. Andika mpangilio uliouchagua. Pili, angalieni kama mmoja wenu ametumia rundo badala ya kurudi nyuma hatua moja moja kama tulivyofanya. Ukiwatupia majirani kwenye rundo kwa alfabeti, wa mwisho ndiye anayetoka kwanza, na ukitia alama anapotoka unapata A E F C D B. Ukitaka ifanane na ile ya juu, watupie kinyume cha alfabeti.

*Inorda haijapangwa.* Tafuta namba ya kwanza iliyo ndogo kuliko iliyotangulia. Rudia njia ya namba hizo mbili kutoka mzizini. Kwa kawaida mojawapo ililinganishwa na mzazi wake tu, bila kuanzia juu, ikaangukia kwenye ukoo usio wake.

*Urefu wa mti wangu umezidi au umepungua kwa moja.* Wengine huhesabu viungo na wengine huhesabu nodi kwenye njia ndefu zaidi. Mti wetu wa kwanza, kupitia 42, 17, 25, 21, una urefu wa 3 kwa viungo na 4 kwa nodi. Tafuta maana iliyotolewa kwenye karatasi au kwenye maelezo ya mhadhiri wako, na uitaje unapojibu.

*Mti umekuwa mstari mmoja unaoteremka kulia.* Si kosa kama namba ulizopewa zilikuja zimepangwa tayari, kwa mfano 5, 8, 12, 20. Mara nyingi mtunga mtihani amefanya hivyo makusudi, na kipengele kinachofuata kitauliza kutafuta nodi kwenye mti huo kunachukua hatua ngapi. Kwa nodi n zilizokaa hivyo, hali mbaya kabisa ni kulinganisha mara n.

*Swali lina maneno badala ya namba.* Linganisha kama kamusi, herufi kwa herufi: "embe" iko kabla ya "embamba"? Hapana, herufi nne za kwanza ni e-m-b-e na e-m-b-a, na a inatangulia e, kwa hiyo "embamba" inakwenda kushoto. Urefu wa neno hauangaliwi isipokuwa neno moja likiwa ni mwanzo wa jingine, kama "chai" na "chaini", ambapo fupi ndilo dogo. Herufi kubwa zikichanganyika na ndogo, na swali likataja ASKII, basi herufi kubwa zote zinatangulia: "Zabibu" inakuwa ndogo kuliko "embe".